Dalili Nne, Dalili Tano: Mahali Miongozo Miwili ya Utambuzi Inapoachana

Mwanamke nitakayemwita Biubwa, ambaye kisa chake nimekiunga kutokana na watu kadhaa niliowahudumia kisiwani Pemba ili asitambulike hata mmoja wao, alihojiwa mara mbili katika muda wa wiki nne. Aliyemhoji mara ya kwanza alihesabu dalili nne na akaandika kwamba hakufikia kiwango. Aliyemhoji mara ya pili alihesabu dalili tano na akaandika kwamba ana ugonjwa wa haiba wa aina iitwayo ya mpakani. Ndani ya wiki hizo nne Biubwa hakubadilika kitu. Alikuwa na miaka ile ile 27, mtoto yule yule wa miaka sita, kilimo kile kile cha mwani, na hasira zile zile zilizowafanya majirani wafunge madirisha. Kilichobadilika ni swali moja. Mhoji wa kwanza alimuuliza, "Ushawahi kujidhuru?" naye akajibu kwamba alijikata mkono mara moja, alipoachwa na mume wa pili. Mhoji wa pili alimuuliza, "Tangu ulipokuwa msichana, imetokea mara ngapi?" Biubwa akanyamaza, akahesabu kwa vidole, akasema mara tatu.

Mwongozo uliotumika hapo unataka kujidhuru kuwe kwa kujirudia ndipo kuhesabiwe. Mara moja haitoshi, mara tatu inatosha, na kwa tofauti hiyo mtu amehama kutoka upande wa wasio na ugonjwa kwenda upande wa wenye ugonjwa. Sisemi kwamba mhoji wa pili alikosea, kwa kuwa aliuliza vizuri zaidi kuliko mwenzake. Ninachotaka kukichunguza ni mfumo wa fikra unaoruhusu jibu moja la kidole limvushe mtu mpaka mzima, na kwa nini miongozo miwili mikuu inayotumika duniani, ule wa Chama cha Wataalamu wa Magonjwa ya Akili cha Marekani, unaojulikana kwa herufi DSM, na ule wa Shirika la Afya Duniani, unaojulikana kwa herufi ICD, imeachana njia hasa katika eneo hili la haiba.

Niseme kwanza juu ya neno lenyewe, maana kwetu lina mtego. Mzanzibari akisikia kwamba fulani ana haiba, hufahamu kwamba ana mvuto na heshima machoni mwa watu. Katika saikolojia neno hili limechukuliwa kwa maana nyingine, yaani namna ya kudumu ambayo mtu hujiona, huhisi na huishi na wenzake. Kwa hiyo ukimwambia mzazi kwamba mwanawe ana ugonjwa wa haiba, yaweza kumfikia kana kwamba umesema mwanawe hana heshima, na hilo ni tusi. Natumia neno hili hapa kwa kukosa lililo bora, ila mbele ya familia silitumii.

Kuna njia mbili za kufikiri juu ya tofauti kati ya mtu na mtu. Ya kwanza huuliza, "Yuko kundi gani?" Mjamzito ni mjamzito, hakuna aliye nusu mjamzito, na mwenye vijidudu vya malaria katika damu anavyo au hana. Tuite njia hii fikra ya makundi. Ya pili huuliza, "Kwa kiasi gani?" Urefu, joto la mwili na shinikizo la damu havina mahali ambapo maumbile yenyewe yamechora mstari, mstari tunauchora sisi, na aliye hatua moja huku na aliye hatua moja kule wanafanana mno. Tuite hii fikra ya vipimo. Woga wa kuachwa, wepesi wa kukasirika, ugumu wa kumwamini mwenzio na haraka ya kutenda bila kufikiri viko zaidi upande wa urefu na joto kuliko upande wa ujauzito, maana kila mmoja wetu anavyo kwa kadiri fulani.

Mtu aweza kuuliza, basi kwa nini wataalamu walichagua makundi hata pale ambapo maumbile hayakuyaweka? Jibu limo katika historia, na ni jibu la haki. Katika miaka ya 1960 watafiti walilinganisha madaktari wa New York na wa London, na wakakuta kwamba wale wa New York walikuwa wepesi zaidi wa kuandika skizofrenia, huku wale wa London wakiandika zaidi maradhi ya hisia kwa wagonjwa wa aina ile ile. Sehemu kubwa ya tofauti haikuwa kwa wagonjwa. Ilikuwa kwa madaktari. Utambuzi unaobadilika kwa kuvuka bahari tu haumfai mgonjwa wala mtafiti. Toleo la tatu la DSM, lililotoka mwaka 1980 chini ya uongozi wa Robert Spitzer, lilitibu tatizo hilo kwa dawa kali: kila ugonjwa uliwekewa orodha ya vigezo, pamoja na idadi na muda. Ukizifikia, unao, usipozifikia, huna. Madaktari wawili wasiojuana wangeweza sasa kufuata hesabu moja na kukutana kwenye jibu moja mara nyingi zaidi kuliko zamani. Kwa hiyo namheshimu aliyehesabu hadi nne akasimama. Alikuwa akifuata dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya maradhi halisi ya fani yetu.

Dawa hiyo, hata hivyo, ina madhara yake, na kwenye haiba ndipo yanapoonekana wazi zaidi. Ugonjwa wa haiba ya mpakani katika DSM una vigezo tisa, na mtu anahitaji vitano au zaidi. Vigezo vyenyewe, kwa kifupi, ni kuhangaika kupita kiasi ili asiachwe, mahusiano yanayopanda na kushuka kwa nguvu, kutojijua yeye ni nani, kutenda kwa pupa katika mambo yasiyopungua mawili yanayoweza kumdhuru, kujidhuru kwa kujirudia, hisia zinazobadilika ndani ya saa chache, kuhisi utupu wa kudumu, hasira kali isiyolingana na sababu, na kuwashuku watu au kujihisi kama hayupo anapobanwa na dhiki. Mwenye penseli aweza kukokotoa kwamba kuna njia 256 za kupata vitano au zaidi kati ya tisa. Jina moja, njia 256.

Biubwa alikuwa na hofu ya kuachwa, kwani alikuwa akimpigia mumewe simu usiku kucha mpaka betri inazima. Mahusiano yake yalikuwa ya leo malaika, kesho adui. Hisia zake zilikuwa za asubuhi kicheko, adhuhuri kilio. Hasira yake ilivunja vyombo. Na cha tano, baada ya swali zuri la mhoji wa pili, kikawa kujidhuru. Kwa upande wa pili, anajijua vizuri ni nani, hana pupa ya fedha wala ya mwendo, hasemi kwamba ana utupu moyoni, na hamshuku mtu bila sababu. Sasa mweke kando yake kijana nitakayemwita Shaame, naye nimemuunga vile vile. Huyu hajui anataka kuwa nani, huendesha bodaboda kama aliyeichoka roho yake na hutumia pesa zote siku ya malipo, husema kwamba ndani yake hakuna kitu, huona watu wote wanamsema anapozidiwa na dhiki, na amejidhuru mara kadhaa. Hakasiriki, na mtu akimwacha hufunga mlango akalala. Wote wawili wana vitano, na wote wawili wanabeba jina moja, lakini katika vitano vyao wanachoshirikiana ni kimoja tu. Ukiwaweka kwenye chumba kimoja ukamwambia mwanafunzi kwamba hawa wana ugonjwa mmoja, atakutazama machoni akisubiri ucheke.

Walioandika DSM hawakuwa wajinga wa hili. Toleo la nne lilisema katika utangulizi wake kwamba halidai kuwa kila kundi limetengana kabisa na jingine. Toleo la tano lilipokuwa likitayarishwa, kamati ya haiba ilipendekeza mfumo mpya unaoanza na kipimo: kwanza uzito wa tatizo katika kujitambua na katika kuishi na wengine, kwa ngazi kuanzia 0 hadi 4, kisha sifa 25 zilizopangwa katika maeneo makuu matano, na aina sita tu za zamani zibaki kati ya kumi. Mwezi Desemba 2012 bodi ya chama iliamua kubakisha aina kumi kama zilivyokuwa katika sehemu kuu ya kitabu, na mfumo mpya ukapelekwa Sehemu ya Tatu, sehemu ya mambo yanayohitaji utafiti zaidi. Kitabu kilitoka 2013, na marekebisho ya 2022 hayakubadilisha uamuzi huo. Matokeo yake ni kitabu kimoja chenye milango miwili ya kuingilia chumba kile kile, mmoja umeandikwa "rasmi" na mwingine umeandikwa "tunafikiria".

Shirika la Afya Duniani halikufikiria hivyo. Katika toleo la kumi la ICD kulikuwa na aina za haiba kama zile za Wamarekani, na hali halisi ya kliniki ilionyesha kwamba waganga walitumia chache tu kati yake, hasa ya mpakani na ya kutojali haki za watu, na waliosalia wakatupwa katika kapu la "mchanganyiko" au "isiyotajwa". Kamati iliyoongozwa na Peter Tyrer ilipendekeza aina zote zifutwe. ICD-11, iliyopitishwa na Baraza la Afya Duniani mwezi Mei 2019 na kuanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, ilizifuta. Badala yake kuna utambuzi mmoja, ugonjwa wa haiba, wenye namba 6D10, na swali la kwanza baada ya hapo ni uzito: mwepesi ni 6D10.0, wa kati ni 6D10.1, mzito ni 6D10.2. Chini ya ngazi hiyo kuna hali inayoitwa ugumu wa haiba, QE50.7, ambayo haihesabiwi kuwa ugonjwa. Imewekwa katika sura nyingine kabisa, pamoja na mambo yanayoathiri afya ya mtu bila kuwa maradhi. Sifa huja mwisho, nazo ni wingi wa hisia chungu, kujitenga, kutojali haki za wengine, kukosa kizuizi, na kung'ang'ania utaratibu kupita kiasi. Mtu aweza kupewa sifa moja, tatu, au asipewe hata moja.

Aliyelelewa Pemba hahitaji kufafanuliwa sana utaratibu huu. Karafuu ikianikwa kwenye majamvi, ukavu wake hauna mahali pa kukatika. Kila saa ya jua huikausha kidogo zaidi. Hata hivyo, ikifika kituoni hupewa daraja, kwa sababu bei haiwezi kuwa na hatua elfu. Mnunuzi mwema hutazama kwanza unyevu wake na makonyo yaliyochanganyika nayo, halafu ndipo hutaja daraja. Yaani daraja ni kundi, lakini ni kundi lililokatwa baada ya kupima. Hii ndiyo sababu siwakubalii wanaosema kwamba ICD-11 imeachana na makundi. Mwepesi, wa kati na mzito ni makundi matatu, na mstari kati ya ugumu na ugonjwa ni mkato kama mikato mingine. Nani apate miadi ya kila wiki na nani asubiri, nani alazwe na nani arudi nyumbani, hayo ni maamuzi ya ndiyo au hapana, na hakuna kipimo kitakachomwepusha mtu na kuyakata. Tofauti ya miongozo hii iko katika kinachopimwa kabla ya kisu kushuka. Mmoja unahesabu dalili zilizo tofauti tofauti na kuzijumlisha kana kwamba zote zina uzito sawa. Mwingine unauliza jambo moja kwa mapana yake, kwamba maisha ya mtu huyu, ndani yake na kati yake na wenzake, yameharibika kiasi gani.

Kuna mahali pamoja ambapo miongozo hii inazungumzia kitu kile kile kwa maneno yanayokaribiana sana, na hapo tofauti ya tabia zao huonekana kama kwenye kioo. Pendekezo la kufuta aina zote lilipotangazwa, wataalamu wengi walipinga, hasa waliokuwa wakitibu haiba ya mpakani. Walisema kwamba tiba zilizojaribiwa vizuri, kama ile iliyobuniwa na mwanasaikolojia wa Marekani Marsha Linehan, zilijaribiwa kwa watu wenye jina hilo, na kwamba jina likifutwa, wagonjwa wanaweza kupoteza haki ya kutibiwa. Kukafikiwa maafikiano, na ICD-11 ikaongeza alama ya ziada, 6D11.5, iitwayo mtindo wa mpakani. Ukisoma dalili zake utaziona zile tisa za Wamarekani zimerudi, karibu zote. Lakini pale DSM inaposema "matano au zaidi", mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema "mengi kati ya haya". Hausemi mangapi.

Baadhi ya wenzangu huliona neno hilo "mengi" kuwa ni uzembe. Mimi naliona kuwa ni uamuzi. Mwongozo wa kitabibu wa ICD-11, ambao Shirika liliuchapisha 2024, haukuandikwa kwa ajili ya chama cha madaktari wa nchi moja. Umeandikwa kwa nchi zote wanachama, utumiwe na daktari bingwa wa mjini na pia na muuguzi wa kituo cha kijijini, na unapatikana bure. Huwezi kumtaka mtu wa namna zote hizo akariri idadi na miezi ya kila ugonjwa, na pia hakuna ushahidi kwamba dalili ya tano ina jambo la pekee ambalo ya nne haina. Kwa hiyo unaeleza sura ya ugonjwa, unataja yale ambayo lazima yawepo, kisha unamwachia mhudumu akili yake. DSM haiamini akili hiyo kwa kiasi hicho, na ina kumbukumbu ya New York na London ya kuitetea. Kila mmoja ana hofu yake: mmoja anahofia wahudumu wawili kutofautiana, mwingine anahofia mhudumu mmoja kuhesabu bila kufikiri.

Turudi kwa Biubwa, tumpitishe katika njia ya ICD-11 hatua kwa hatua, maana huko ndiko ugumu wake nao unakoonekana.

Hatua ya kwanza ni kuuliza kama kuna ugonjwa wa haiba wowote. Lazima tatizo liwe limedumu miaka miwili au zaidi, lionekane katika hali mbalimbali na si kwa mtu mmoja tu, lisababishe dhiki au kuharibika kwa maisha, na lisiwe limeelezeka hasa kwa mambo ya kijamii au ya kiutamaduni. Hofu ya kuachwa na hasira zake zilianza alipokuwa na miaka 17, zikamfuata kwa mume wa kwanza, kwa mume wa pili, na kwa dada yake. Jibu ni ndiyo, kwa tahadhari nitakayoieleza.

Hatua ya pili ni uzito, na hapa ndipo shangazi yake alipotusaidia kuliko karatasi yoyote. Tulikaa naye barazani, akichambua mchele kwenye uteo huku akizungumza bila kuinua macho. "Mwanangu, akikasirika nyumba nzima hutoka nje," alisema. "Lakini mtoto wake hajalala na njaa hata siku moja. Na mwani wake haujaoza." Nikamuuliza kama ana rafiki. Akasema yupo mmoja, wanafunga mwani pamoja tangu walipomaliza skuli, na kwamba wakigombana huyo rafiki humwacha siku mbili kisha humfuata. Maneno hayo machache yana thamani kubwa. Uzito mwepesi ni pale ambapo sehemu fulani za maisha zimeathirika na nyingine zimesalimika; wa kati ni pale ambapo sehemu nyingi zimeathirika, mahusiano mengi yana matatizo na wakati mwingine kuna kujidhuru au kudhuru wengine; mzito ni pale ambapo karibu hakuna uhusiano uliosimama na mtu hawezi kutimiza wajibu wake wa kila siku. Malezi yamesimama, kazi imesimama, urafiki mmoja umesimama, na hayo humvuta Biubwa kuelekea mwepesi. Ndoa mbili zimevunjika, ugomvi na ndugu haukatiki, na amejikata mara tatu, na hayo humvuta kuelekea wa kati. Niliandika wa kati, 6D10.1, na sababu iliyonipeleka huko ilikuwa ile mikato mitatu.

Hatua ya tatu, sifa: wingi wa hisia chungu, 6D11.0, bila shaka. Kukosa kizuizi nilikufikiria nikakuacha, kwa kuwa nje ya hasira hana pupa. Alama ya mpakani sikuiweka, ingawa ningeweza, na mwenzangu mmoja hakufurahi. Kwa Shaame ningeandika mengine: uzito wa kati vile vile, lakini sifa zake ni hisia chungu pamoja na kukosa kizuizi. Sasa watu wawili hawa wanatofautiana kwenye karatasi kama wanavyotofautiana barazani, na mpango wa tiba unafuata njia hiyo. Biubwa anafundishwa kuikamata hasira kabla haijafika mikononi, na rafiki yake wa mwani anaingizwa katika mpango. Shaame anafundishwa kwanza kukaa na pesa yake mpaka kesho asubuhi.

Sasa tahadhari. Shangazi alipomaliza kuchambua mchele aliniuliza, "Basi ana nini?" Nikamweleza kwa lugha nyepesi kwamba ana shida ya kuishi na hisia zake, na kwamba uzito wake ni wa kati. Akaniuliza, "Wa kati wa nini?" Sikuwa na jibu zuri. Walikuwa wameshampeleka kwa fundi wa kuganga masheitani kabla ya kuja kwetu, na fundi aliwaambia kwamba ana sheitani wa rubamba. Hilo ni jina. Lina mavazi yake, ubani wake, ngoma yake na masharti yake, na aliyepewa jina hilo anajua afanye nini wiki ijayo. Ukitazama vizuri, mafundi wetu ni watu wa makundi hasa. Hawasemi kwamba mtu ana usheitani wa daraja la pili, wanasema ana ruhani, au kibuki, au habeshia. Fikra ya vipimo ni ya kweli zaidi katika mambo ya haiba, lakini inampa mgonjwa kivumishi pale alipokuja kutafuta nomino, na watetezi wake hawalizungumzi jambo hilo vya kutosha. Wagonjwa wa haiba ya mpakani wengi huko Ulaya na Marekani walipinga kufutwa kwa jina kwa sababu hiyo hiyo, ingawa wengine walilichukia kwa unyanyapaa wake.

Tahadhari ya pili ni wakati wa kupima. Biubwa aliletwa siku tatu baada ya talaka, hajalala, hajala. Mtu yeyote akipimwa siku hiyo ataonekana amezidiwa kila sehemu ya maisha yake. Uzito unaopimwa katikati ya dhoruba, au wakati mtu ana sonona, karibu kila mara huzidi uzito wa kweli. Dalili ya kosa hili ni rahisi kuiona: katika faili hakuna sentensi hata moja inayoeleza mtu alivyokuwa mwaka uliopita. Ukikuta faili la namna hiyo, usiuamini uzito ulioandikwa humo, awe ameuandika nani.

Ya tatu ni nzito zaidi kwetu. Kipimo cha uzito kinategemea wajibu ambao jamii inamtarajia mtu autimize, na wajibu huo haulingani kati ya mwanamume na mwanamke. Mwanamume aliyeacha wake wawili aweza kusimuliwa kama mtu aliyekosa bahati. Mwanamke aliyeachwa mara mbili husimuliwa kama aliyeshindwa kukaa na mume. Nilipoandika "ndoa mbili zimevunjika" kama ushahidi dhidi ya Biubwa, nilikuwa sijauliza kwa nini. Nilipouliza baadaye nikaambiwa kwamba mume wa kwanza alikuwa akimpiga. Ndoa hiyo si ushahidi wa haiba yake, na nililazimika kuiondoa kwenye hesabu. ICD-11 inaonya kwa maneno kwamba tatizo lisiwe limeelezeka hasa kwa mambo ya jamii, lakini onyo haliulizi swali kwa niaba yako. Orodha ya Wamarekani isingeniponyesha nayo, maana hofu ya kuachwa ingehesabiwa tu bila kuulizwa ilizaliwa wapi. Ila orodha ina usalama mmoja, kwamba haiipi ndoa iliyovunjika uzito mkubwa kuliko kisanduku kimoja.

Baada ya miezi 11 Biubwa alirudi kwa miadi yake. Hajajikata tena, hasira zipo lakini sahani zimepona, na ugomvi na dada yake umepoa. ICD-11 inaruhusu uzito ubadilike kadiri mtu anavyobadilika, jambo ambalo hesabu ya vigezo haiwezi kulionyesha vizuri, kwa kuwa aliyetoka vigezo saba akafika vitano bado ana jina lile lile, na aliyetoka vitano akafika vinne amelipoteza kwa hatua moja ndogo. Mimi niliandika mwepesi, 6D10.0. Mwenzangu aliyemwona siku hiyo hiyo alitaka kuandika QE50.7, ugumu wa haiba, yaani Biubwa asiwe tena mgonjwa. Tulikaa na faili lile saa nzima. Yeye alisema kwamba wajibu wake wote unatimizwa na kwamba hasira zake sasa hazizidi za shangazi yake. Mimi nilisema kwamba hofu ya kuachwa bado inamwamsha usiku na kwamba hajajaribiwa, kwa sababu sasa hana mume wa kumwacha. Hakuna aliyeweza kumwonyesha mwenzake mstari uko wapi. Tuliandika mwepesi, tukaongeza kwa wino chini yake sababu za kila mmoja wetu, na tukampa miadi ya miezi sita.